Bunia: Bafu ya wageni ilinuka kama fosi imejaa, kumbe sifoni ya chini ilikuwa imekauka

Katika nyumba moja ya mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, jamaa moja ilikaa karibu juma tatu ikitafuta kitu kilichooza. Harufu ilikuwa ikitokea upande wa chumba cha wageni. Asubuhi ilikuwa nyepesi, lakini usiku, wakati milango yote imefungwa, ilifika mpaka sebuleni. Mama mwenye nyumba alianza kwa kufikiri ni panya aliyekufa juu ya plafo. Vijana wakapanda, wakatafuta kwa taa ya telefone, hawakupata kitu.

Baadaye jirani mmoja akasema fosi septiki imejaa. Hilo liliogopesha zaidi, kwa sababu kutoa uchafu wa fosi si kazi ya bei ndogo. Baba wa nyumba alikuwa tayari ameanza kutafuta watu wa kuifungua. Kabla ya kulipa, akaona heri amwite kwanza fundi wa mabomba ambaye alikuwa amewatengenezea robine mwaka uliopita.

Fundi alipofika hakwenda kwenye fosi. Aliuliza swali moja tu: katika nyumba hii, ni bafu gani haitumiwi?

Mama akajibu kwamba bafu ya chumba cha wageni haijatumiwa tangu sikukuu za mwisho wa mwaka. Ndugu zao waliotoka Mahagi walilala humo, wakaoga humo, kisha wakarudi kwao mwanzoni mwa Januari. Tangu siku hiyo mlango ulifungwa. Kila Jumamosi msichana wa nyumba aliingia, akapangusa chini kwa kitambaa chenye maji kidogo, akatoka. Sasa ilikuwa katikati ya mwezi wa pili.

« Basi harufu yenu iko pale chini, mama, » fundi akasema, akionyesha tundu la kupitishia maji lililo katikati ya sakafu.

Mama hakukubali. Yeye mwenyewe alikwisha kumulika tundu hilo kwa taa, na aliona maji yakimetameta ndani. Kama kuna maji, alisema, hewa ya fosi itapita wapi?

Swali hilo la mama ndilo linalodanganya watu wengi. Mtu huona maji, anafikiri sifoni ni nzima, anaenda kutafuta kosa mahali pengine na kupoteza pesa.

Maji yanayofunga na maji yasiyofunga

Kila tundu la maji machafu ndani ya nyumba limeungana kwa bomba na fosi septiki. Ndani ya fosi, uchafu unaoza bila hewa, na kuoza huko kunatoa gesi. Moja ya gesi hizo ndiyo inayonuka kama yai bovu. Kama bomba lingekuwa wazi tangu fosi mpaka bafuni, gesi ingepanda muda wote. Kinachoizuia si griye wala mlango. Ni maji kidogo yanayobaki ndani ya sifoni kila mara mtu anapomaliza kuoga.

Wazo hilo ni la zamani. Alexander Cumming, fundi wa saa mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi London, alipata hati ya ugunduzi mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopindwa ili maji yabaki kwenye kona yake. Mpaka leo kanuni haijabadilika: maji yanapita, gesi haipiti, mradi maji fulani yabaki pale.

Katika choo cha kukaa na chini ya lavabo, sifoni ni bomba lililopindwa ambalo mtu anaweza kuliona. Sifoni ya sakafuni iliyo katika nyumba nyingi ni ya namna nyingine. Ukitoa griye, unakuta kikombe kidogo cha plastiki au cha chuma. Katikati ya kikombe kuna bomba fupi lililosimama, nalo ndilo linaloshuka kwenda fosi. Juu ya bomba hilo fupi imefunikwa kofia inayofanana na kengele. Ukingo wa kofia unaingia ndani ya maji ya kikombe. Maji ya kuoga yanapita chini ya ukingo huo, yanapanda ndani ya kofia, yanaanguka katika bomba la katikati na kwenda zake. Gesi inayopanda kutoka fosi inakutana na kofia juu na maji chini, basi inakosa njia.

Fundi alitoa kofia, akampa mama aishike. Kisha akachukua ufito wa ufagio, akauchovya katika kikombe mpaka chini, akauonyesha. Maji yalikuwa bado na kina cha karibu sentimita 2. Lakini aliporudisha kofia mahali pake, ukingo wake haukugusa maji tena. Kati ya ukingo na maji kulibaki nafasi ndogo, kama unene wa kidole cha mtoto. Hewa yote ya fosi ilikuwa ikipita hapo.

Kwa hiyo mama alikuwa ameona sawasawa: maji yalikuwapo. Lakini hayakuwa yakifunga kitu. Sehemu ya maji inayofanya kazi ni ile tu iliyo juu ya ukingo wa kofia. Katika sifoni nzuri sehemu hiyo inafika sentimita 5. Katika hii ya bei ndogo, fundi alipima akakuta kwamba hata ikiwa imejaa kabisa, ukingo unazama sentimita 2 tu. Maana yake, haikuhitaji kukauka yote. Ilitosha kupoteza sentimita 2.

Na maji yanapotea hata kama hakuna anayeyagusa. Yanageuka mvuke polepole, hasa Desemba mpaka Februari, wakati mvua inapopungua Bunia na upepo mkavu unapoingia dirishani. Kitambaa cha kupangusia hakisaidii, kwa sababu maji yake yanabaki sakafuni na kukauka huko, hayafiki ndani ya kikombe. Bafu inayong'aa kwa usafi inaweza kuwa ndiyo inayonuka kuliko zote.

Harufu iliporudi baada ya siku mbili

Fundi alimimina lita 2 za maji polepole, akasubiri mpaka yatulie. Akafungua dirisha. Kufikia jioni harufu ilikuwa imekwisha, na baba wa nyumba akaacha habari ya kufungua fosi.

Lakini siku ya tatu asubuhi mama alipiga simu. Harufu imerudi.

Mtu mwingine angesema basi kosa halikuwa sifoni. Fundi alisema kinyume chake: kosa ni la hapohapo, ila kuna jambo la pili. Maji yanayopotea kwa hewa na joto tu hayawezi kupungua haraka namna hiyo. Yanachukua majuma. Yakiisha kwa siku moja au mbili, kuna kitu kinachoyatoa.

Safari hii alifanya kipimo. Saa kumi na mbili ya jioni alijaza kikombe, akachovya ufito mkavu, akaweka alama kwa kalamu mahali maji yalipofika. Ilikuwa sentimita 4 na nusu. Akaomba mtu yeyote asimwage maji katika bafu hiyo wala kuvuta choo cha chumba hicho mpaka asubuhi. Kesho yake saa kumi na mbili, ufito ulionyesha sentimita 3 tu.

Hapo kulikuwa na mambo matatu ya kufikiria. La kwanza, kikombe kimepasuka na maji yanavuja chini ya sakafu. La pili, choo kikivutwa, maji mengi yanayoshuka katika bomba moja yananyonya maji ya sifoni. La tatu, kuna kitu kilicholala juu ya ukingo wa bomba la katikati na kinavuta maji kama utambi wa taa unavyovuta mafuta.

La pili lilitoka mara moja, kwa kuwa usiku ule choo hakikuvutwa. Kwa la kwanza, fundi alitoa kofia, akapangusa kikombe kikauke, akakiangalia kwa taa pande zote. Hakikuwa na ufa. Ndipo akaingiza kidole ndani ya bomba la katikati na kuvuta. Kikatoka kifungu cha nywele za kusuka pamoja na uzi wa kitambaa cha kupangusia, kirefu kama mkono, upande mmoja ukiwa ndani ya maji ya kikombe na upande mwingine ukining'inia ndani ya bomba. Maji yalikuwa yakipanda polepole katika nywele, yakipita juu ya ukingo, yakidondoka upande wa fosi tone kwa tone, mchana na usiku.

« Wageni waliacha zawadi, » fundi akasema, na mama akacheka kwa mara ya kwanza juma hilo.

Alisafisha kikombe kwa brosi na sabuni, akarudisha kofia, akajaza maji, akapima tena. Asubuhi iliyofuata alama ya ufito ilikuwa karibu ileile ya jana. Harufu haikurudi.

Katika nyumba nyingine fundi huyo anasema anakuta kosa la tatu, ambalo watu wanalifanya kwa mikono yao wenyewe. Maji ya kuoga yanachelewa kushuka, mtu anafungua griye, anakuta kofia imejaa nywele na sabuni, anaitoa na kuitupa. Maji sasa yanakwenda haraka na kila mtu anafurahi. Lakini bila kofia, maji ya kikombe hayafungi kitu hata kidogo, na bomba la fosi linabaki wazi kabisa. Mtu wa namna hiyo anaweza kumwaga maji kila siku, harufu haitaondoka. Dawa ni kutafuta kofia nyingine ya kipimo kilekile, au kubadilisha sifoni nzima.

Kwa nini inanuka zaidi mtu akivuta choo

Mama alikuwa ameona jambo jingine ambalo hakulielewa. Harufu ya bafu ya wageni ilizidi kila mara mtu alipovuta choo cha upande mwingine wa nyumba, mbali kabisa.

Sababu yake ni rahisi. Fosi ni sanduku lililofungwa. Chini kuna maji na uchafu, juu kuna gesi. Lita 10 za maji zikiingia kwa haraka, gesi ya kipimo hichohicho lazima ipate mahali pa kwenda. Kama fosi ina bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa, gesi inatokea huko na upepo unaichukua. Kama bomba hilo halipo, au limezibwa na kiota cha ndege, gesi inatafuta njia iliyo rahisi, na sifoni kavu ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Fundi alizunguka nyuma ya nyumba. Bomba la hewa lilikuwapo, lakini lilikatwa chini ya ukingo wa paa, karibu na dirisha la bafu ileile. Kwa hiyo hata harufu iliyotoka kwa njia yake halali ilikuwa ikirudi ndani kupitia dirishani. Alishauri waongeze kipande cha bomba kipite juu ya mabati na wafunge mdomo wake kwa wavu wa mbu, ili hewa itoke lakini mbu na mende wasipite.

Kuna alama moja ya kutambua bomba la hewa lisilofanya kazi. Mtu mmoja avute choo, mwingine asimame karibu na tundu la sakafuni na asikilize. Maji ya sifoni yakilia glu-glu-glu au yakitoa mapovu, maana yake hewa inasukumwa au inavutwa kupitia hapo. Katika nyumba ya namna hiyo, kujaza maji ni kazi ya bure kwa sehemu, kwa sababu choo kitaendelea kuyanyonya. Ni lazima kutengeneza bomba la hewa kwanza.

Hong Kong, mwaka 2003

Wengi wanaona harufu ya bafu kuwa aibu tu mbele ya wageni. Lakini sifoni kavu ilipata kutajwa katika uchunguzi mkubwa wa ugonjwa.

Mwezi wa tatu 2003, wakati ugonjwa wa SARS ulipokuwa Hong Kong, wakaaji zaidi ya 300 wa majumba ya ghorofa yanayoitwa Amoy Gardens waliambukizwa kwa majuma machache. Jumba moja, la E, lilikuwa na wagonjwa wengi kuliko mengine yote. Mtu mmoja mgonjwa, aliyekuwa akiharisha, alikuwa amelala humo siku chache kabla. Jambo lililowashangaza waganga ni kwamba wagonjwa wengi walikaa katika nyumba zilizopangana juu na chini, wala hawakukutana na mtu yule.

Ripoti ya serikali ya Hong Kong iliyotolewa Aprili 2003 ilieleza kwamba vyoo, lavabo na matundu ya sakafuni ya nyumba hizo yalitumia bomba moja lililosimama tangu chini mpaka juu. Matundu ya sakafuni yalikuwa na sifoni, lakini katika nyumba nyingi sifoni hizo zilikuwa kavu, kwa kuwa wakaaji walisafisha bafu kwa kupangusa badala ya kumwaga maji. Mashine ndogo za kuvuta hewa za bafuni zilipowashwa na mlango umefungwa, zilivuta hewa kutoka ndani ya bomba pamoja na matone madogo yenye virusi. Wachunguzi walitaja sababu nyingine pia, na baadaye wataalamu wengine waliongeza kwamba upepo kati ya majumba ulichangia kusambaza virusi. Lakini sifoni kavu ilibaki katika maelezo hayo.

Nyumba ya Bunia yenye fosi yake yenyewe si jumba la ghorofa zaidi ya 30. Gesi inayopanda ndani yake inatoka kwa uchafu wa jamaa ileile, wala si wa jirani wa ghorofa ya juu. Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuogopa kwamba harufu peke yake itamletea ugonjwa wa namna ile. Inayostahili kuangaliwa zaidi ni majengo ambamo vyumba vingi vinatumia bomba moja: hoteli zenye vyumba vinavyokaa bila wageni, majengo ya ofisi, na vituo vya afya vyenye bafu iliyofungwa. Humo, tundu moja kavu linaunganisha chumba kimoja na kingine bila mtu kujua.

Ushauri uliobaki Hong Kong baada ya hapo ni mwepesi sana: mimina karibu nusu lita ya maji katika kila tundu la sakafuni, mara moja kwa juma.

Nusu lita inatosha

Kwa jamaa inayobeba maji kwa bidoni, ni vizuri kujua kwamba dawa hii haitaki maji mengi. Bidoni moja ya lita 20 ingetosha tundu moja kwa majuma 40. Wala si lazima yawe maji ya kunywa. Maji ya mwisho ya kusuuza nguo yanafaa. Yasiyofaa ni maji ya kuoshea vyombo au ya mchele, kwa sababu mabaki ya chakula yataoza ndani ya kikombe, na sifoni yenyewe itaanza kunuka hata ikiwa imejaa. Kumimina kila juma kuna faida nyingine pia: maji yaliyotulia muda mrefu yanaweza kuzaa mbu, na maji mapya yanawasukuma watoto wa mbu kabla hawajaruka.

Jamaa inayosafiri kwa miezi miwili au mitatu inaweza kufanya zaidi. Ijaze sifoni, kisha imimine juu vijiko vitatu vya mafuta mepesi. Mafuta yanaelea na kuzuia maji yasigeuke mvuke. Mafuta ya mawese hayafai, kwa sababu yanaganda katika baridi ya asubuhi na kushika uchafu. Mafuta ya kupikia yanafaa kwa muda, lakini yanaharibika na kuita mende. Mafuta ya kupaka watoto yaliyotengenezwa kwa petroli hayaozi, kwa hiyo ni bora zaidi. Mafuta ya injini yasitumiwe kamwe, kwa kuwa yanaishia katika fosi na kuingia udongoni, na katika mitaa mingi kisima hakiko mbali. Na mtu akikumbuka kwamba mafuta yanaondoka mara mtu anapooga, ataelewa kwamba njia hii ni ya bafu iliyofungwa tu.

Bafu ambayo haitatumiwa tena kabisa inaweza kuzibwa tundu lake kwa kizibo cha plastiki cha kukaza. Kuziba kwa sima kunafanya kazi pia, lakini siku robine itakapopasuka, maji hayatakuwa na pa kupita.

Kwa anayejenga sasa, kuna njia ambayo inamwondolea kazi ya kukumbuka. Bomba la lavabo lipitishwe ndani ya sifoni ya sakafuni badala ya kwenda moja kwa moja katika bomba kubwa. Hapo kila anayenawa mikono anaijaza sifoni bila kujua.

Kuna pia mambo ya kuacha. Kumwaga javeli au dawa yenye manukato kunaficha harufu kwa saa chache tu, hakufungi njia ya gesi. Na mtu aliyemwaga javeli asiongeze asidi ya kusafishia choo juu yake, kwa sababu vikichanganyika vinatoa gesi inayochoma mapafu, na katika bafu ndogo iliyofungwa ni hatari kubwa kuliko harufu yenyewe. Wala mtu asiwashe kibiriti juu ya tundu ili kuona kama gesi inatoka, kwa kuwa gesi ya fosi inaweza kuwaka. Karatasi laini ya choo, ikishikwa juu ya griye, inatosha: ikitikisika, hewa inapanda.

Anayetaka kuhakikisha kwamba harufu inatoka tundu fulani, kabla ya kuita fundi, aweke sasheti ya plastiki yenye maji ndani juu ya griye, ilale na kuziba matundu yote, kisha alale usiku mmoja. Harufu ikiisha, tundu limejulikana. Isipoisha, aangalie lavabo, choo, na mahali choo kinapokutana na sakafu. Na kama sifoni zote zimejaa, choo kinashuka polepole, na maji yanarudi juu katika bafu iliyo chini kuliko nyingine, hapo ndipo habari ya fosi iliyojaa inakuwa ya kweli.

Katika nyumba ile ya mtaa wa Lumumba, mama aliweka chupa ya nusu lita nyuma ya mlango wa chumba cha wageni. Kila Jumamosi, watu wakirudi kutoka salongo, mtoto wake wa miaka tisa anaijaza, anaimimina katika tundu, kisha anachovya ufito wa ufagio wenye alama ya fundi. Maji yakifika kwenye alama, anafunga mlango na kwenda kucheza. Fosi haijafunguliwa.